Koni Mia za Damu ya Mzee

Watu walimwita Mama Nyuzi, na jina lilimkaa hata watoto wake mwenyewe wakaacha kumwita vingine. Duka lake lilikuwa na upana wa hatua saba, kati ya kinyozi na fundi saa, na ndani yake hapakuwa na kitu kingine zaidi ya nyuzi za kufumia sweta. Zilipangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, koni juu ya koni, kila koni kilo moja: bluu ya shule, kijani kibichi, kijivu, njano, na ile nyekundu iliyoiva inayokaribia weusi ambayo kila mtu anaiita damu ya mzee.

Kabla ya kuuza uzi alikuwa akiufuma. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mashine ya kufuma akisukuma mkono wake kulia na kushoto, mpaka siku moja bega la kulia likagoma kabisa. Hakulia. Alichukua akiba yake, akapanga kile kichumba, akasema kama hawezi tena kufuma basi atawauzia wanaofuma. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kushindwa hakukumpiga teke. Kushindwa kwenyewe alikupangia rafu.

Mume wake alikuwa karani wa masjala, sasa amestaafu. Kila asubuhi alikuja naye dukani, akaketi karibu na mlango penye mwanga, miwani imefungwa kamba shingoni. Kazi yake ilikuwa kusoma vibandiko. Ndani ya kila koni kuna kibandiko kidogo chenye namba ya rangi, na namba hiyo ndiyo roho ya biashara yenyewe. Kiwandani uzi hutiwa rangi pipa kwa pipa, na kila pipa hupewa namba yake. Uzi wa pipa moja unafanana. Uzi wa mapipa mawili, hata kama yote yameitwa damu ya mzee, haufanani. Dukani huwezi kuona tofauti. Sweta likishafumwa, likatoka juani, utaona mgongo una rangi yake na mikono ina rangi yake, kama mtu aliyeazima viungo.

Jumatatu moja asubuhi aliingia wifi yake, dada wa yule karani. Alikuwa na kikundi cha wanawake wanne, kila mmoja na mashine yake, wanafuma kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake. Siku hiyo aliingia akitabasamu mpaka masikioni, karatasi mkononi.

"Wifi, kaa chini kwanza," alisema.

"Nimeshakaa. Sema."

"Shule imetupa kazi. Sweta mia tatu na ishirini. Damu ya mzee, shingo ya V, mstari wa kijivu mkononi. Wanafunzi wote, madarasa yote."

Yule karani alinyanyua macho mlangoni. "Damu ya mzee hiyo wanayoitaka ni yangu?"

"Yako imebaki vijiko viwili, kaka, haitoshi hata soksi," dada yake alimjibu, na wote watatu wakacheka.

Kisha wakapiga hesabu. Sweta moja la mtoto hula kama gramu mia tatu, wakubwa zaidi kidogo, wadogo pungufu kidogo, na uzi wa kuharibika haukosekani. Zilitoka koni mia moja. Kijivu kilikuwepo cha kutosha. Shule ingefunguliwa baada ya wiki tano. Wifi alikuwa amekwishazungumza na wanawake wawili zaidi wenye mashine, waje kuongeza nguvu. Kwa mashine sita wangetoa sweta ishirini na nne kwa siku. Lakini uzi wote ulipaswa kuwa mikononi mwao kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ukipita hapo, hesabu yote inavunjika.

Karani alipanda kigoda akasoma vibandiko vya damu ya mzee, akahesabu. Zilikuwepo koni ishirini na mbili. Kumi na nne za namba moja, nane za namba nyingine.

"Kumi na nne," Mama Nyuzi alisema, kama anajisemea.

Wifi alimshika mkono. "Sikiliza. Mimi sikulazimishi. Kama haiwezekani, niambie leo hii hii, nitafute kwingine mapema. Sitakasirika. Lakini niambie leo."

Mama Nyuzi aliitazama ile karatasi yenye muhuri wa shule. Tangu afungue duka hajawahi kuuza koni mia kwa mkupuo mmoja. Wateja wake walikuwa watu wa koni mbili, koni tatu, na mabibi wa kofia za wajukuu. Na huyu alikuwa wifi yake, aliyemletea uji wiki nzima bega lilipokuwa limefungwa.

"Niachie," alisema. "Niachie mimi."

Wifi alipotoka tu, alimpigia wakala wa kiwanda. Karani alisikia upande mmoja wa mazungumzo, lakini upande huo ulimtosha.

"Mia... hapana, themanini na sita... damu ya mzee... Ijumaa ya wiki ijayo... Kwa nini?... Aa... Bluu mpaka lini?... Sasa jaribu, mwanangu. Jaribu tu."

Alikata simu. "Amesema atajaribu. Atanijibu Alhamisi."

"Na pipa lina nini sasa?"

"Bluu."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili." Alianza kupanga koni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Lakini amesema atajaribu."

"Mama," karani alisema polepole, "mtu akisema atajaribu, na pipa limejaa bluu wiki mbili, hapo umejibiwa. Mpigie dada yangu umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa kabla sijaanza?"

"Umwambie una kumi na nne."

Hakumpigia. Baadaye, kila alipoisimulia habari hii, hapo ndipo sauti yake iliposhuka. Hakuwa mwongo, na wala hakuwa na nia mbaya. Aliitaka tu ile kazi kwa moyo wote, akadhani akiishikilia kwa siku chache huenda ikageuka kuwa yake.

Jumanne wifi alipiga simu. "Vipi?"

"Jambo lako liko njiani," Mama Nyuzi alijibu.

Alipoweka simu, mumewe alikuwa anamtazama juu ya miwani. "Liko njia gani hiyo?"

"Usinianze."

Jumatano alipanga nafasi kwenye ghala dogo la nyuma, akahamisha kijivu na njano, akapangusa vumbi la rafu ya chini ili koni mia zipate pa kukaa. Alhamisi alipiga simu kwa wakala mara tano, haikupokelewa. Ijumaa saa tatu asubuhi wakala akapiga mwenyewe, naye alikuwa na aibu.

"Mama, nimezunguka kila ofisi. Pipa la damu ya mzee linaingia mwisho wa wiki ijayo, na nusu yake ina mwenyewe tangu mwezi uliopita. Kwako naweza kutoa koni arobaini, zitafika Alhamisi ya wiki ya tatu, ukihesabu na hii. Hizo zote namba moja, nakuhakikishia. Zilizobaki arobaini na sita ni pipa la mwezi ujao, na hizo zitakuwa na namba nyingine. Siwezi kukudanganya."

"Hakuna hata mbinu moja?"

"Mbinu ninayo moja, ni kukuchanganyia namba. Unaitaka?"

"Siitaki," alisema, na alisema bila kusita. Hilo angalau alikuwa na uhakika nalo.

Alifunga duka, akamwachia mumewe ufunguo, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa wifi yake. Aliona si jambo la kusemwa kwenye simu. Alipofika alikuta chumba cha nyuma kimepangwa upya: mashine nne ukutani, na mbili nyingine katikati, zimeletwa kwa mkokoteni asubuhi ile. Wanawake wawili aliokuwa hawafahamu walikuwa wanatia mafuta kwenye reli zake kwa kitambaa, wanaongea kwa furaha.

"Karibu, wifi! Umekuja na uzi?"

"Naomba tuzungumze nje."

Walisimama uani, chini ya kamba ya nguo. Mama Nyuzi alikuwa ametayarisha maneno njiani, lakini yalipofika mdomoni yalikuwa machache.

"Siwezi. Koni mia kwa Ijumaa siwezi. Ninazo kumi na nne za namba moja, uzichukue leo hata sasa hivi. Arobaini nitakuletea Alhamisi ya wiki ya tatu. Arobaini na sita mwezi ujao, ila hizo zitakuwa za pipa lingine. Hizo tarehe ni za kweli. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Wifi yake alianua soksi moja iliyokuwa imekauka, akaikunja, akaishika.

"Umejua lini?"

"Leo asubuhi ndiyo nimejibiwa."

"Sikuuliza umejibiwa lini. Nimeuliza umejua lini."

Mama Nyuzi aliangalia chini. "Jumatatu."

"Jumatatu," wifi alirudia. "Jumatatu ile ile, duka la karibu na posta lilikuwa na koni mia na kumi za damu ya mzee. Namba moja, zote. Zilinunuliwa kwa ajili ya shule iliyobadilisha rangi. Nilizijua. Sikwenda kwa sababu uliniambia nikuachie. Jana nimepita pale kununua sindano, nimekuta rafu tupu. Jumatano wamekuja wafumaji wa mji mwingine wakabeba zote." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Niliona zimekwenda. Nikasema, si neno, wifi yangu ameniambia langu liko njiani."

Mama Nyuzi alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe ni dogo mno kwa wakati ule. Kutoka ndani walisikia mmoja wa wale wanawake akisukuma mashine tupu, kulia na kushoto, kuijaribu.

"Hizo arobaini," wifi alisema hatimaye, "unaweza kuniandikia? Nitamwendea mwalimu mkuu. Nikienda mkono mtupu atanifukuza. Nikiwa na barua ya mwenye duka, yenye tarehe, huenda akakubali kupokea kidogo kidogo."

Barua waliiandika dukani mchana ule, karani akiwa na kalamu. Kwanza Mama Nyuzi alimwambia aandike kwamba uzi utapatikana hivi karibuni.

"Futa hiyo," alijijibu mwenyewe kabla mumewe hajafungua mdomo. "Andika Alhamisi na tarehe yake."

Barua ilikuwa fupi. Ilisema: duka hili haliwezi kutoa koni mia za uzi kwa muda mliotaka, na kosa la kuchelewa kusema ni letu, si la wafumaji. Koni kumi na nne zimetolewa leo na zinatosha sweta arobaini na tano. Koni arobaini zitatolewa tarehe iliyotajwa, na zinatosha sweta mia na thelathini kabla ya shule kufunguliwa. Zilizobaki zitatolewa mwezi unaofuata. Kwa kuwa rangi hutofautiana kidogo kila pipa, tunashauri kila pipa lipewe madarasa yake, ili ndani ya darasa moja watoto wafanane.

Karani alisoma kwa sauti, akasimama kwenye yale maneno ya kosa. "Una hakika unataka hili?"

"Liache."

Jumatatu mwalimu mkuu aliisoma ile barua mara mbili, wifi akiwa amesimama mbele ya meza yake. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anashukuru kuambiwa ukweli wenye tarehe, kwani amezoea kuambiwa kesho. Sweta mia moja sabini na tano za madarasa ya chini angezipokea siku ya kufungua. Lakini za madarasa ya juu hawezi kusubiri mwezi mzima, baridi inaanza, wazazi watamjia juu. Hizo mia na arobaini na tano angezinunua tayari zimeshafumwa, kwa muuzaji mwingine. Akatoa kalamu, akakata namba kwenye ile karatasi yenye muhuri, akaandika mpya pembeni.

Wifi alipita dukani kutoa habari, akiwa mlangoni bila kuingia. "Amechukua nusu. Kidogo zaidi ya nusu."

"Afadhali," Mama Nyuzi alisema.

"Afadhali," wifi alikubali. "Wale wawili nimewarudisha. Kwa sweta hizi mashine nne zinatosha." Kisha akaenda zake.

Zile koni arobaini zilifika Alhamisi ya wiki ya tatu kama zilivyoahidiwa. Zilishushwa saa nne, na kabla ya saa sita Mama Nyuzi alikuwa amezipeleka kwa mkokoteni, akitembea pembeni na mkono mmoja juu ya mifuko. Karani alikuwa amesoma vibandiko vyote arobaini, kimoja kimoja, na kuviwekea alama ya vema. Vyote vilikuwa namba moja. Wifi naye alivisoma tena mwenyewe, kimoja kimoja, wakati Mama Nyuzi amesimama anangoja. Zamani asingefanya hivyo.

Wiki iliyofuata Mama Nyuzi alianza kufunga duka saa nane mchana na kwenda kule chumba cha nyuma. Mashine hazikuwa kazi yake tena, lakini kuunga sweta ni kazi ya kukaa, ya sindano ya mkono: unaushika mgongo na kifua, unaviunga mabegani, unapachika mikono, unamalizia shingo. Siku ya kwanza alipoingia akachukua kikapu cha vipande bila kuombwa, wifi yake alimtazama, akamsogezea kiti. Basi. Alikaa pale siku sita, akishona mpaka mwanga wa dirishani ulipopungua, na wale wafumaji wakiongea mambo yao juu ya kichwa chake.

Siku ya tatu aliuliza, bila kuinua uso, "Wale wawili wako wapi sasa?"

"Mmoja anafulia watu nguo. Mwingine aliuza mashine yake," wifi alisema. "Alikuwa ameitoa mwenyewe stoo, akaitengeneza kwa ajili ya kazi hii. Ilipokosekana kazi, akasema basi, haina maana kukaa nayo."

Mama Nyuzi alichoma sindano, akaivuta, akaichoma tena. Alikuwa anaijua bei ya mashine kuukuu. Alijua pia mwanamke akiuza mashine yake hairudi. Alimkumbuka yule aliyekuwa akiisukuma ikiwa tupu, kulia na kushoto, siku ile yeye na wifi waliposimama uani. Hakuwahi hata kuuona uso wake vizuri.

"Nilidhani nikingoja nitapata," alisema. "Sikutaka kukuangusha."

"Najua."

"Ningekuambia Jumatatu..."

"Ungeniambia Jumatatu, ningekwenda posta kwa miguu yangu, na ningekushukuru mpaka leo." Wifi alisimamisha mashine yake. "Mimi hapana yako ningeivumilia, wifi. Zile siku nne ndizo zilizonimaliza." Kisha, kama mtu aliyechoka na maneno, akanyoosha mkono akachukua sweta lililokuwa mapajani kwa Mama Nyuzi, akaligeuza, akalitazama mshono wa bega. "Hili limevuta. Fumua."

Mama Nyuzi alifumua.

Sweta mia moja sabini na tano zilitimia siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mwezi uliofuata wakala aliuliza kama bado anazitaka zile koni arobaini na sita, maana sasa hakukuwa na anayezingoja. Alizichukua, kwa kuwa alikuwa amezisemea. Zilikaa kwenye ile rafu ya chini aliyoipangusa, zikauzwa koni moja moja, na zilimchukua mwaka na miezi kuisha.

Wifi hakuacha kuja dukani. Wanasalimiana, wanataniana, anamuuliza kaka yake kama vile vijiko viwili vya damu bado vipo. Ila mwaka uliofuata kikundi kilipopata kazi ya shule nyingine, alikwenda kwanza duka la karibu na posta, na kwa Mama Nyuzi alikuja kununua kijivu cha mistari tu. Mama Nyuzi alikifunga vizuri kwenye karatasi, akaongeza sindano mbili juu, akamwombea kazi njema, na alimaanisha.

Siku hizi mteja akimwomba asichonacho, jibu hutoka kabla swali halijaisha, mpaka wengine wanaona kama wamefukuzwa. Juzi bibi mmoja alitaka koni sita za zambarau.

"Sina. Ninazo mbili. Nenda posta, waulize leo, wafunga saa kumi na moja."

Bibi alishangaa. "Mbona unanifukuza, mwanangu? Mimi sina haraka. Naweza kungoja."

"Usingoje," Mama Nyuzi alimwambia, na akatoka nje ya kaunta kumwonyesha njia.